Samaki mtamu, kungoja dakika 80: nyota ngapi?

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwalimu, naishi Mtwara mjini. Jumamosi iliyopita tulikwenda wanne kula mchana kwenye mgahawa mmoja karibu na bahari: mimi, mume wangu, wifi yangu na mumewe. Tuliagiza saa 7:10, changu wa kuchoma wawili na pweza wa nazi sahani mbili. Kila nikiuliza naambiwa "dakika kumi tu, dada". Pweza alikuja saa 8:05, changu saa 8:30, wa moto kabisa na mtamu kweli. Bili shilingi 58,000, vinywaji ndani. Nilikasirika, nikaandika Google Maps, nyota mbili: "Pabaya. Huduma mbovu, samaki wa kawaida, bei kubwa, joto." Sasa mwenye mgahawa anasema nimemwonea, na moyoni naona ana haki kidogo. Tathmini ya haki inaandikwaje?*

Marahaba, mwalimu. Neno lililonisimamisha kwenye barua yako ni "kawaida". Mimi umeniambia samaki alikuwa mtamu kweli, wasomaji wa Google Maps umewaambia alikuwa wa kawaida. Samaki ni yuleyule. Hasira ya kungoja imemwagika kutoka kwenye saa ikaingia kwenye sahani, kisha kwenye bili, na nina wasiwasi hata joto lile umelisikia zaidi kwa sababu ulikuwa umekaa bure ukitazama mlango wa jikoni.

Jambo hili limejulikana siku nyingi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwamba maofisa wa jeshi wakiombwa kumpima askari kwa sifa mbalimbali, mwili, akili, uongozi na tabia, alama zao hufanana kupita kiasi. Aliyependeza kwa jambo moja alipandishwa kwa yote, na aliyechukiza kwa moja alishushwa kwa yote. Ndivyo mlaji anavyofanya akiandika usiku ule ule na hasira yake. Mimi mwenyewe, nilipoanza kuandika habari za migahawa, niliwahi kuiadhibu nyumba moja ya wageni Lindi mara tatu kwa kosa moja. Chai ilichelewa, basi nikaandika huduma mbovu, nikaandika maandazi yamepoa, nikaandika ukumbi umezubaa. Yote matatu yalikuwa ule mkawio wa chai. Tangu hapo nina sharti moja ninalolishika kuliko mengine: kosa moja huhesabiwa mara moja, mahali pake.

Kwa hiyo tuichukue Jumamosi yako tuipasue, tuanze na muda, kwa kuwa ndio ulioharibu mengine.

Umefanya vizuri kukumbuka saa. Wengi huandika "tulingoja sana", na "sana" ya mwenye njaa haina kipimo. Lakini dakika 80 peke yake bado haijasema kosa ni la nani, wala kama lipo kosa. Inabidi uulize kwanza chakula chenyewe kinadai muda gani. Changu mzima wa kadiri ya nusu kilo, akiwa hajaguswa, atapaliwa magamba, atatolewa matumbo, atachanjwa ubavuni, atapakwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu, kisha atakaa juu ya wavu kwenye mkaa wa wastani kama nusu saa, akigeuzwa taratibu. Akiharakishwa juu ya moto mkali, ngozi inaungua na nyama ya mgongoni inabaki mbichi. Ukijumlisha, dakika 40 ni haki yake, na mlaji anayemtaka samaki wa kuchomwa papo hapo hana budi kuzitoa. Pweza ni mgumu zaidi. Hata akishapigwapigwa kwenye jiwe, hukaa kwenye maji ya moto kama saa nzima au kupita kabla ya kukubali jino, ndiyo maana jiko lolote lenye akili humchemsha asubuhi na kumaliza na tui la nazi mteja akishaagiza. Hiyo kazi ya mwisho ni dakika 15 au 20.

Sasa tazama saa zako. Pweza alichukua dakika 55. Kama alikuwa amechemshwa mapema, amechelewa zaidi ya nusu saa. Kama alianza mbichi baada ya oda yenu, jiko lilikimbia. Swali moja kwa mhudumu lingetosha: "Pweza mnamchemsha sasa au yupo tayari?" Changu alichukua 80, na hapa una ushahidi mzuri uliouandika bila kukusudia: alikuja wa moto kabisa. Chakula kilichochelewa kinaeleza kilichelewa wapi. Kikifika kimepoa, chipsi zimelegea na mafuta yameanza kuganda pembeni mwa sahani, ujue kilikuwa tayari zamani, kikasimama kaunta kikimsubiri mtu wa kukibeba. Hilo ni la wahudumu. Kikifika kinatoa moshi, ucheleweshaji ulitokea kabla ya moto: mkaa uliwashwa oda ilipoingia, au wavu ulikuwa mmoja na meza nyingi, au samaki hakuwepo na kijana akatumwa soko la samaki la Feri. Hilo ni la jiko na la mwenye mali. Kwenye migahawa midogo ya pwani hii hilo la mwisho si ajabu. Ukiona bodaboda inafika mlango wa nyuma na mfuko unaodondosha maji, umepata jibu.

Basi changu wako alikula dakika 40 za haki na 40 za ziada. Ukiandika hivyo, msomaji anajua nini cha kutegemea na mwenye mgahawa anajua nini cha kurekebisha.

Ila hasira yako, nadhani, haikutoka kwenye hizo 40. Ilitoka kwenye "dakika kumi tu, dada". David Maister, aliyewahi kufundisha Harvard, aliandika mwaka 1985 kuhusu watu wanavyoisikia foleni, na mawili kati ya aliyoyasema yanakuhusu: kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja ulikoambiwa muda wa kweli, na kungoja bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Mhudumu angekwambia mapema, "Dada, samaki wa kuchoma leo ni saa moja na robo, tuwaletee kachumbari na mihogo ya kukaanga mshikie tumbo?", mngekaa muda ule ule mkiongea na wifi yako, na usingeniandikia. Kwa hiyo kwenye huduma tenganisha mawili: kasi ya jiko, na ukweli wa kinywa cha mhudumu. La pili lina uzito wangu wote. Jiko likizidiwa na wateja wa Jumamosi linaweza kusamehewa, lakini ahadi ya dakika kumi iliyorudiwa kila ulipouliza haina cha kuisamehe.

Wakati mwingine andika nyakati nne tu kwenye simu: mlipokaa, mlipoagiza, kila sahani ilipotua, na mlipoomba bili hadi chenji ilipofika. Piga picha ya menyu mnapoagiza na picha ya sahani inapotua, maana simu huhifadhi saa ya kila picha, hata kama hupendi kuandikaandika mbele ya watu.

Tuje kwenye chakula. Hapa kungoja kunadanganya pande zote mbili, na watu hukumbuka upande mmoja tu. Hasira hushusha ladha, lakini njaa huipandisha. Mtu aliyeketi dakika 80 bila kitu mdomoni, tonge la kwanza ni tamu hata likiwa na chumvi iliyozidi. Kwa hiyo tonge la kwanza usilihukumu. Kula kidogo, kunywa maji, kisha ufikapo katikati ya samaki rudi uonje kwa makusudi. Na kabla hujasema "mtamu" au "wa kawaida", waulize wenzako mezani wao wanaonaje. Ukitangulia wewe, wifi yako kwa heshima atakubaliana nawe, na hapo mmekula wanne lakini ulimi uliopima ni mmoja.

Unapoonja changu wa kuchoma, angalia vitu unavyoweza kuvieleza. Nyama iliyoiva sawasawa hubanduka kwa mapande, ikiwa bado na maji yake. Ikishikilia mfupa na kuonekana kama kioo karibu na uti wa mgongo, haijaiva. Ikikauka na kuwa nyuzi, imepitiliza. Nusa upande wa ndani ya tumbo, pale ambapo ndimu na moshi havikufika: samaki aliyevuliwa leo ananukia bahari, aliyelala bila barafu ana harufu ambayo hakuna kitunguu saumu kitakachoificha. Kisha chumvi, imefika kwenye chanjo au iko juu ya ngozi tu? Neno "mtamu" lina raha kulisoma lakini halimsaidii mtu. "Nyama ilibanduka kwa mapande, chumvi imeingia hadi mfupani, ngozi ilishika moshi bila kuungua" linamsaidia, na ukiliandika hivyo huwezi kuteleza ukasema wa kawaida.

Kwa pweza, angalia pia kalenda ya bahari. Pweza wetu hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na watu wakatembea juu ya mwamba, yaani siku za kuandama na kupevuka kwa mwezi. Maji mafu yakiingia, wengi sokoni ni wa friji. Wa friji si mbaya, kwanza kugandishwa humlainisha, lakini mgahawa ukikwambia "wa leo asubuhi" katikati ya maji mafu, muulize aliyekulia Mikindani kabla hujaliandika neno hilo kama ukweli.

Bei. Hapa umeandika "bei kubwa", nami nimeitafuta sababu kwenye barua yako sikuiona. Shilingi 58,000 kwa watu wanne ni 14,500 kwa kichwa, vinywaji ndani. Kubwa kuliko nini? Kuliko wali maharage wa mama lishe, bila shaka, lakini yule hauzi changu wala hana meza inayotazama maji. Linganisha samaki wa aina ile ile, uzito unaokaribiana, kwenye mahali pa hadhi ile ile. Kipimo ninachotumia ni cha watu wa hoteli: malighafi ya sahani huwa kama theluthi ya bei yake, na zinazobaki ni mkaa, mishahara, kodi ya jengo, umeme, vilivyooza na faida. Pita Feri uulize bei ya changu siku ile. Akiwa nusu kilo kwa 5,000, sahani ya 15,000 pamoja na ndizi au chipsi ni bei ya kawaida ya mgahawa. Akiuzwa 15,000 samaki wa robo kilo, hapo una hoja. Ndiyo maana ni vizuri kuomba kumwona samaki akiwa mbichi kabla hajaenda jikoni. Mahali pazuri hawaoni vibaya kumleta kwenye sinia, na kama wana mizani, mizani imeondoa ubishi. Kumbuka pia majira: kusi ikivuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki anapanda sokoni na menyu inafuata. Andika mwezi uliokula, bei isije ikakusuta baadaye.

Muhimu zaidi, bei usiipe hukumu kabla hujaitaja. Taja tarakimu, taja kilichokuja nayo, msomaji ataamua mwenyewe. Elfu 15 ya mhandisi wa gesi aliyekuja kikazi si elfu 15 ya mwanafunzi wa chuo.

Mandhari sitakaa nayo sana. Ni eneo ambalo watu hutofautiana bila yeyote kukosea, kwa hiyo eleza, usihukumu. "Joto" halitoshi. Mlikaa chini ya bati au makuti? Feni zilikuwepo, zilikuwa zinazunguka? Upepo wa bahari unafika meza zipi? Muziki uliwaruhusu kuongea? Kuna mahali pa kunawa lenye sabuni? Choo usikisahau, ila kikiwa kichafu kiweke kwenye usafi na ukitaje waziwazi, maana hilo si suala la kupenda au kutopenda.

Sasa ile nyota. Usijumlishe vinne ukagawanya kwa vinne. Chakula 5, muda 2, bei 4, mandhari 3 vinakupa tatu na nusu, na tatu na nusu haimwambii mtu chochote: mwenye dakika 45 za mapumziko ya kazi angeikimbia sehemu hiyo, wapenzi wawili wenye jioni nzima wangeipenda. Tim na Nina Zagat walipoanza kukusanya maoni ya walaji New York mwaka 1979 walilikwepa hilo. Chakula kilikuja kuwa na alama yake kati ya 30, mapambo ya ukumbi yake, huduma yake, na gharama ikaandikwa kwa dola bila kupewa alama. Michelin, watunzi wa mwongozo wa migahawa, nao hutoa nyota zao maarufu kwa kilichomo kwenye sahani peke yake, na starehe ya ukumbi wakaipa alama nyingine, uma na kijiko vilivyopishana. Google Maps inadai nyota moja ya jumla, lakini chini yake ina nafasi ya kupima chakula, huduma na mandhari kila kimoja peke yake. Zijaze hizo kwanza. Nyota ya jumla iwe jibu la swali moja tu: je, ningerudi, nikijua ninayoyajua sasa? Wewe, kwa ninavyokusoma, ungerudi siku usiyo na haraka. Hiyo ni tatu, labda nne, lakini mbili siioni.

Na useme umekwenda mara ngapi. Mara moja, Jumamosi mchana, ni picha ya siku moja. Mimi siandiki kwamba mahali "huchelewesha" mpaka niende siku ya pili, ya kazi, niagize samaki yule yule na nichukue saa zile zile. Mara moja inanipa ruhusa ya kuandika "tulicheleweshwa".

Ningekuwa wewe, ningeyafuta maneno ya mwanzo na kuandika haya, nikiyajaza kwa niliyoyaona mwenyewe:

"Tulikwenda mara moja, Jumamosi mchana, watu wanne. Chakula: changu wa kuchoma alikuwa mtamu, alifika wa moto; pweza wa nazi alikuwa [laini au mgumu]. Muda: tuliagiza saa 7:10, pweza akaja saa 8:05, changu saa 8:30. Changu wa kuchoma anahitaji kama dakika 40, zilizobaki zilikuwa za ziada. Huduma: kila tukiuliza tuliambiwa dakika kumi, na hazikuwa kumi. Wangetuambia ukweli mwanzoni tungeagiza kitu cha kushikia tumbo. Bei: 58,000 kwa wanne pamoja na vinywaji. Mandhari: karibu na bahari, lakini meza yetu ilikuwa na joto, ombeni ya upande wa upepo. Ningerudi siku nisiyo na haraka, na ningepiga simu kuagiza samaki kabla ya kutoka nyumbani."

Google Maps inakuruhusu kuhariri tathmini yako ya zamani, kwa hiyo huna haja ya kuweka ya pili. Usiondoe lile la dakika kumi hata mwenye mgahawa akikuomba kwa upole, kwa kuwa ni kweli na lilitokea. Neno "pabaya" liondoe leo. Na "samaki wa kawaida" uliondoe kabla ya hilo, maana kuna mtu pale jikoni aliyesimama kwenye moshi akimgeuza samaki wako taratibu bila kumuunguza, na mhudumu alipokuwa akikuahidi dakika kumi, yeye hakuwepo.